Kichwa cha makala ya swali kiandikweje ili jibu lako likae juu Google?

Msomaji mmoja wa Nachingwea aliniandikia juzi: "Shikamoo dada. Nikitafuta umbali wa kupanda mikorosho, jibu lako ndilo linatokea juu kabisa, ndani ya kisanduku, na jina la blogu yako chini yake. Mimi naandika habari za ufuta na sioni mtu. Nifanyeje?"

Ujumbe ule ulinifurahisha kuliko anavyodhani, kwa sababu makala ile ina historia. Zamani niliiandikia tovuti moja ya kilimo, nikaipa kichwa cha swali. Mhariri akanijibu kwamba maswali ni ya watoto wa shule, akabandika "Fahamu Mwongozo Kamili wa Kilimo Bora cha Korosho". Ikazama. Nilipofungua blogu yangu hapa Masasi niliandika makala mpya juu ya jambo lile lile, safari hii kwa kichwa nilichokitaka mimi. Leo iko ndani ya kisanduku, na bado natamani mhariri yule aione.

Sasa nikueleze kilichofanyika, maana najua ukiandika unataka kusomwa.

Kwanza, swali usilitunge kichwani. Lichukue kwa watu. Ukishaunganisha blogu na Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha watu waliokutafuta kwa maneno gani, ingia sehemu ya Performance, weka kichujio cha Query, chagua Custom (regex), kisha andika hivi:

```
gani|ngapi|lini|jinsi|namna|kwa nini
```

Utaletewa maneno ambayo watu waliyaandika Google na kurasa zako zikatokea, hata kama hawakubofya. Mimi nilikuta "mikorosho hupandwa umbali gani" na "ekari moja inachukua mikorosho mingapi", lakini nilipoondoa kichujio nikakuta pia "nafasi ya kupanda mikorosho". Hapo ndipo wengi wanapopita bila kutazama. Mswahili akiwa na swali, mara nyingi haandiki swali; anaandika jina la kitu anachokitaka. Kwa hiyo kichwa kizuri kinabeba yote mawili: swali zima mbele, kisha maneno makavu ya kutafutia nyuma yake. Changu kiko hivi:

```html
<title>Mikorosho hupandwa umbali gani? Nafasi na miti kwa ekari</title>
<h1>Mikorosho hupandwa kwa umbali gani?</h1>
```

Tazama kwamba ni vichwa viwili. Cha `<title>` ndicho Google huonyesha kwenye matokeo, na cha `<h1>` ndicho msomaji anakiona akishafungua ukurasa. Vinaweza kutofautiana kidogo, lakini visipingane. Cha kwanza kina herufi 56 pamoja na nafasi. Google hukata kwa upana wa maandishi, si kwa idadi ya herufi, ila ukibaki chini ya 60 hivi kwa kawaida unasalimika. Swali liwe mbele ili kikikatwa, kikatwe mkiani. Tena Google hubadilisha yenyewe vichwa inavyoona virefu mno au vilivyojazwa maneno, na mara nyingi huchukua kile cha `<h1>`. Ndiyo maana nacho nimekifanya swali kamili linalosimama lenyewe.

Na liwe swali moja. "Mikorosho hupandwa lini, wapi, vipi na kwa umbali gani?" ni maswali manne, na kisanduku hubeba jibu moja. Hayo mengine yape vichwa vidogo ndani ya makala, kila kimoja na jibu lake chini. Google inaweza kuchukua jibu hata kutoka chini ya kichwa kidogo.

Pili, na hapa nawasihi ndugu zangu, kichwa cha swali ni ahadi. Ukiuliza "umbali gani?" halafu ukaanza na historia ya korosho kusini, umevunja ahadi kwenye mstari wa kwanza. Jibu likae papo hapo chini ya kichwa, maneno 40 hadi 60, na lieleweke hata likinyofolewa peke yake. Langu ni hili:

"Mikorosho hupandwa kwa umbali wa mita 12 kutoka mti hadi mti na mita 12 kutoka mstari hadi mstari. Kwa nafasi hiyo ekari moja huchukua miti ipatayo 28, na hekta moja miti 69. Matawi ya mkorosho hutanuka sana, na miti ikibanana jua haliingii, maua hupungua na ugonjwa wa ubwiriunga huenea kwa urahisi."

Sentensi ya kwanza imerudia maneno ya swali. Haikusema "hupandwa kwa umbali huo", wala "kama nilivyotaja hapo juu", kwa sababu ndani ya kisanduku hakuna hapo juu. Pia nimetumia mikorosho na mkorosho, kwa kuwa watu hutafuta kwa umoja na kwa wingi.

Neno la kuulizia ndilo linaloamua umbo la jibu. "Gani", "ngapi" na "kwa nini" hutaka aya fupi. "Jinsi ya" hutaka hatua zenye namba. Tofauti kati ya mbegu na mbegu hutaka jedwali. Ndugu yangu wa Nachingwea makala yake anaiita "Siri za Ufuta Ambazo Hujaambiwa". Hakuna mkulima wa Lindi anayekaa kutafuta siri. Anataka kujua ufuta hukomaa kwa siku ngapi ili apange uvunaji kabla vitumba havijapasuka na mbegu kumwagika. Basi kichwa kiwe "Ufuta hukomaa kwa siku ngapi? Muda na dalili za kuvuna", na aya ya kwanza itoe siku za mbegu anayoilima, aitaje kwa jina.

Hakuna alama ya kuandika kwenye ukurasa ili kukiomba kisanduku. Google huchagua yenyewe, na kwa kawaida huchagua miongoni mwa kurasa ambazo tayari ziko ukurasa wa kwanza wa matokeo. Ikiwa makala yako iko ukurasa wa nne, kichwa peke yake hakitaivuta hadi juu. Anza na zile ambazo Search Console inaonyesha ziko nafasi ya tatu hadi ya kumi. Badilisha kichwa na aya ya kwanza tu, omba ukurasa upitiwe upya, kisha subiri wiki kadhaa kabla ya kugusa tena. Search Console haikuambii kwamba umeingia kisandukuni. Utaona wastani wa nafasi ya swali hilo unaruka kuelekea 1; hapo fungua dirisha la faragha utafute mwenyewe.

Ukiona umefika nafasi ya kwanza lakini mibofyo imeshuka, ujue jibu limemtosha mtu pale pale juu. Swali la "miti mingapi kwa ekari" lina hatari hiyo: akishaona 28, anaondoka. Ndiyo maana aya yangu inamalizia na ubwiriunga. Mwenye shamba la zamani lililobanana atataka kujua apunguze miti ipi na lini, na hilo liko ndani ya makala, chini ya kichwa chake chenye swali lake.