Herufi C kwenye mtungi wa kuzimia moto: soma mchoro kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya usalama kwenye viwanda vya samaki hapa Mwanza, na nyie mnaojiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi nje ya nchi, herufi zilizo kwenye mitungi ya kuzimia moto hazifanani dunia nzima. A haina shida, kila mahali ni vitu vikavu kama mbao, karatasi na nguo. Inayopotosha watu ni C.

Binti mmoja aliyewahi kufanya kazi nasi yuko masomoni Marekani. Alinitumia picha ya mtungi mwekundu uliotundikwa kwenye korido ya maabara yao. Hauna geji, una koni nyeusi kubwa mdomoni, na lebo imeandikwa 10-B:C. Chini yake akaandika: "Shikamoo kaka. Huu si ndio wa kuzimia gesi ikishika moto?" Swali lake lina msingi, maana kwa mpangilio tuliouzoea huku, ambao ni sawa na wa Ulaya, C ni moto wa gesi.

Kwa Wamarekani, C ni moto kwenye kifaa chenye umeme. Ndiyo maana C yao haina namba: inasema tu kwamba kilichomo hakipitishi umeme. Gesi wameiweka pamoja na petroli na vimiminika vingine kwenye B. Mtungi wa kwenye picha ni wa kaboni dayoksaidi. Ulaya mtungi wa namna hiyo ungeandikwa B tupu, mfano 34B, na habari ya umeme ingewekwa kwa maneno pembeni: usizidi volti 1000, simama umbali wa mita 1. Kilichomo ni kilekile, lebo ndiyo imebadilika.

Kwa hiyo tazameni mchoro kabla ya herufi. C ya Marekani huchorwa plagi na soketi. Ya Ulaya huchorwa mwali unaotoka kwenye gesi. Namba nayo inasaidia: Wamarekani huweka kistari, 2-A:10-B:C, Ulaya huandika 21A bila kistari. Mitungi ya China, ambayo ni mingi madukani kwetu, huwa na maandishi kama MFZ/ABC4, yaani kilo 4 za unga. Hapo C ni gesi, na umeme una herufi yake, E.

Na hata mkiwa na mtungi sahihi wa gesi, msikimbilie kuuzima mwali. Fungeni koki kwanza. Mkizima mwali wakati gesi bado inavuja, gesi itajaa chumbani ikisubiri cheche, na mlipuko wake ni mbaya kuliko ule moto. Kama koki haifikiki, tokeni, waiteni Zimamoto.

Picha yake ya pili ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Ilikuwa mtungi wa rangi ya fedha, jikoni kwenye bweni. Marekani mtungi wa fedha unaweza kuwa wa maji, wenye A peke yake, au wa jikoni, wenye K. Kwa mbali vinafanana. Sasa mtu anakaanga samaki, mafuta yameshika moto, anyakue wa maji! Mafuta yanayowaka yamepita nyuzi 300. Maji yanazama chini yake, yanageuka mvuke ghafla na kutanuka zaidi ya mara elfu moja, na mvuke huo unarusha mafuta yenye moto mpaka darini na usoni kwa aliyeshika mtungi.

Wa K, ambao Ulaya ni F, una dawa ya majimaji inayoungana na mafuta na kufanya tabaka kama povu la sabuni juu yake, huku ikiyapoza. Zima jiko, rudi nyuma mita 3 hivi, pulizia taratibu mpaka mtungi uishe. Unga unaweza kuangusha mwali, lakini haupozi, na mafuta yakibaki na joto lile yanawaka tena. Kaboni dayoksaidi nayo haipozi vya kutosha, na kasi yake inaweza kuyamwaga mafuta.

Mahali pa kaboni dayoksaidi ni kwenye paneli ya umeme, kompyuta na mashine, kwa sababu haiachi uchafu. Kata umeme swichi kuu kama unaifikia. Usishike koni kwa mkono, gesi inatoka ikiwa na baridi ya kuunguza ngozi. Chumba kikiwa kidogo, puliza utoke, kwani inafukuza hewa unayoivuta. Kisha angalieni kwa mlangoni kama kuna waya au plastiki inayofuka, maana inaweza kushika tena gesi ikishatawanyika.

Mkinitumia picha za huko mliko, pigeni lebo yote ya mbele, michoro ionekane, na mdomo wa mtungi pia, ili nione kama ni koni au bomba, na kama una geji.