Kabla hujafuta hiyo shiti ya madeni, soma hapa

> Wakuu habari. Nina faili la Excel la malipo ya wakulima wa tumbaku, nataka niwatumie bodi kesho asubuhi. Sitaki waone shiti ya madeni ya kila mtu. Nafikiria nifute ile shiti kwanza halafu ndo nigeuze fomula ziwe namba tupu. Niko sawa? Na pia password naweka vipi, au bora nitume PDF?

Mkuu simama hapo hapo, toa mkono kwenye mausi. Usifute kitu. Umepanga kufanya kilekile nilichofanya mimi msimu mmoja pale Urambo, kwa mpangilio huohuo, na mpaka leo kuna wazee nikipishana nao sokoni wananiuliza "mwanangu, ile pesa yetu nyingine iko wapi".

Faili langu lilikuwa na shiti mbili za maana. Moja inaitwa Malipo: namba ya mkulima, jina, kilo, bei ya wastani, halafu safu ya E ndo anachopokea. Ya pili Pembejeo, kuna mbolea, dawa, kamba, yan mkopo wote wa msimu. Fomula ya safu ya E ilikuwa hivi:

```
=C2*D2-IFERROR(VLOOKUP(A2,Pembejeo!$A$2:$C$300,3,FALSE),0)
```

Ile IFERROR iliwekwa na jamaa mmoja "mtaalamu wa komputa" aliyekuja kututengenezea faili, akachukua hela yake na soda mbili juu. Sababu yake ilikuwa nzuri tu: kuna wakulima hawakukopa, hawapo kwenye Pembejeo, VLOOKUP ikiwatafuta inaleta #N/A na malipo yote ya mtu yanakuwa #N/A. Kwa hiyo IFERROR inasema ukikosa weka sifuri. Sawa kabisa. Shida ni kwamba IFERROR haichagui, inameza kila aina ya kosa, na jamaa hakuniambia hilo, aliniambia tu "hii inasafisha shiti, hutaona tena yale madudu". Kweli bana, sikuyaona.

Sasa bodi wakaomba orodha. Mimi sitaki watu wasomeane madeni, nampigia mtaalamu, ananijibu kwa kujiamini kabisa: "futa tu shiti ya Pembejeo, halafu kopi zote upesti values, umemaliza". Nikafuta. Excel ikanionya kwamba shiti inafutwa moja kwa moja, nikabonyeza ndiyo bila kusoma, nani anasomaga zile. Ukifuta shiti, kila fomula iliyokuwa inaitazama inapoteza anwani, pale palipoandikwa Pembejeo panageuka #REF!. Kwa kawaida safu nzima ingepiga kelele #REF! kuanzia juu mpaka chini na ungeshtuka sekunde ileile. Kwangu kimya. IFERROR iliikuta #REF!, ikaimeza kama ilivyokuwa inameza #N/A, ikaweka sifuri. Yan deni la kila mkulima likawa sifuri.

Chukua mfano wa mtu mmoja uone. Kilo 486 kwa bei ya wastani 4,500 ni 2,187,000. Deni lake la pembejeo 1,240,000. Anachotakiwa kupokea ni 947,000. Shiti yangu baada ya kufuta ikasema 2,187,000, safi, na koma zake, hakuna seli nyekundu wala nini. Mi nikapesti values juu yake, na hapo ndo nilijizika mwenyewe, maana kabla ya hapo angalau mtu angebofya ile seli angeona #REF! imejificha ndani ya fomula. Baada ya kupesti hakuna fomula tena, kuna 2,187,000 imekaa kama imechongwa kwenye mninga. Halafu nikabonyeza Ctrl+S kwenye faili lilelile la asili, nikafunga laptopu nikaenda kula. Ctrl+Z hairudishi shiti iliyofutwa hata ungeiwahi palepale, sembuse faili limeshafungwa.

Bodi wakaipokea, katibu akaiprinti, ikabandikwa ukutani ghalani. Watu wakasoma. Kuna aliyeenda kuchukua bati dukani kwa mkopo kwa sababu ya ile karatasi. Tulikuja kugundua pale mhasibu alipojumlisha safu ya E akaona jumla inalingana na mauzo ghafi yote mpaka shilingi ya mwisho, yan msimu mzima hakuna hata mtu mmoja anayedaiwa mfuko wa mbolea. Tabora hii? Na madeni ikabidi tuyaandike upya kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi, karatasi kwa karatasi. Mtaalamu nilipompigia akasema "wewe ulifuta vibaya". Aisee.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sitaki ubishi: shiti inafutwa MWISHO, na inafutwa kwenye kopi. Fungua faili, F12, lipe jina jingine, ufanyie kazi huko. Andika pembeni kwa kalamu jumla ya safu ya E, kwa kalamu kabisa kwenye karatasi. Kama kuna filta iondoe kwanza, maana ukikopi shiti iliyofiltiwa inabeba mistari inayoonekana tu na ukipesti inaweza kuangukia kwenye mistari mingine. Bofya ile kona ya juu kushoto kuchagua shiti yote ya Malipo, Ctrl+C, halafu Ctrl+Alt+V, V, Enter. Sasa bofya seli yoyote ya safu ya E utazame ule mstari wa fomula juu: ukiona 947000 sawa, ukiona inaanza na = bado. Kuhakikisha zote, bonyeza F5, Special, chagua Formulas, OK, Excel ikikwambia haijapata seli yoyote ndo uko salama. Hapo sasa futa Pembejeo, halafu linganisha jumla na ile ya kwenye karatasi. Ikitofautiana hata kwa shilingi moja usitume.

Na usije ukashauriwa kuificha tu shiti badala ya kufuta, mtu anabofya kulia kwenye kichupo, Unhide, anasoma madeni ya jirani yake huku anakunywa chai.

Kwenye faili lako la asili, leo hii, badilisha IFERROR iwe IFNA:

```
=C2*D2-IFNA(VLOOKUP(A2,Pembejeo!$A$2:$C$300,3,FALSE),0)
```

IFNA inameza #N/A peke yake, asiyekopa anapata sifuri yake kama kawaida, lakini shiti ikipotea #REF! inatokea wazi. Ipo kuanzia Excel 2013. Lakini sikia, hata IFNA haikuokoi kama badala ya kufuta shiti umefuta namba za safu ya deni tu ukaacha seli tupu, hapo VLOOKUP inampata mkulima, deni lake inalisoma sifuri, hakuna kosa lolote la kuonyesha. Ile karatasi yenye jumla ndo itakuambia.

Kama umeshaifuta wakati unasoma hii na faili bado liko wazi, USISEVU. Lifunge, chagua Don't Save, lifungue upya, Pembejeo itakuwepo. Ila angalia kwanza juu kushoto kama AutoSave iko On, maana kama iko On imeshasevu yenyewe, nenda File, Info, Version History utafute ya asubuhi.