Kaulimbiu ya mashua: jirani yako aweza kuiandika?

"Nina mashua Lamu, napeleka wageni kwenye magofu ya Takwa kwa tanga, sina injini. Nimeandika ubavuni 'Huduma bora, bei nafuu' lakini haivuti mtu. Niweke nini?"

Ndugu yangu, simama gatini usome maneno hayo kama yameandikwa kwenye mashua ya jirani. Yanamkaa sawasawa, na hapo ndipo tatizo. "Bora" kila mtu hudai, na "nafuu" jirani huifuta kesho kwa kupunguza bei.

Tafuta jambo ambalo wenzako wakiliandika watakuwa wamesema uongo. Umeshalitaja mwenyewe: huna injini. Mgeni anayetaka kusikia maji na upepo tu anapopita kati ya mikoko kuelekea Takwa atakutafuta wewe. Andika:

"Takwa kwa tanga, bila injini."

Atakayetaka kufika haraka atapita, mwache. Ila kama upepo ukilala huwa unaazima injini, ondoa "bila injini". Mgeni akiisikia ikinguruma, hataamini neno lako lingine. Na kama wenzako wengi pia hutumia tanga tupu, waulize wageni wako wanaporudi nini watakachowasimulia wenzao, uandike hicho.