Usipange foleni kwa ngazi, panga kwa dakika

> Wakuu, nina mfumo unaolipa mawakala kwenye simu zao. Maombi yanasubiri kwenye tebo ya `payouts`, skripti inayachukua moja moja. Bosi anataka mawakala wakubwa walipwe kwanza, kwa hiyo nataka kuweka kolamu ya priority na `ORDER BY priority DESC, created_at ASC`. Iko sawa? Na je, nibaki Postgres au nihamie Redis? Ujumbe wa "ombi lako limepokelewa" niutume lini?

Usiipandishe hiyo kwenye seva. Samahani sijasalimia, ila nimeuona mstari huo nikahisi presha inapanda, maana ndio huo huo ulionifanya nizime simu nisisikie matusi ya mawakala.

Ubaya wake ni kwamba kwenye majaribio unafanya kazi vizuri kabisa. Kule foleni huisha, kwa hiyo kila mtu hupata zamu yake mapema au baadaye. Kwenye kazi halisi, ombi la kawaida haliwasubiri wakubwa walioingia kabla yake tu. Linawasubiri pia wote watakaoingia baada yake, ambao hata hawajafika. Ni kama kupanga foleni ya maji, na kila ukikaribia bomba inatokea ndoo ya mjumbe.

Twende na hesabu. Tuseme skripti yako inalipa maombi 10 kwa dakika, kwa sababu upande wa pili haukuruhusu zaidi ya hapo. Siku ya kawaida yanaingia 6 ya wakubwa na 3 ya kawaida kila dakika. Jumla 9, unapumua. Mwisho wa mwezi wakubwa wanafika 11 kwa dakika kwa saa tatu. Kwa saa hizo tatu wa kawaida halipwi hata mmoja. Wakubwa nao wanabakiza maombi 180, na wakirudi kwenye 6 kwa dakika, skripti inatumia dakika 45 nyingine kuyamaliza. Yule wa kawaida aliyeingia mwanzoni kabisa ndiyo kwanza anaguswa, baada ya saa tatu na dakika 45. Nyuma yake wamelundikana 675, na sasa unawalipa 4 kwa dakika huku 3 wapya wakiingia. Unapunguza mmoja kwa dakika. Mlundikano huo unaisha baada ya saa 11 na robo, yaani mpaka usiku wa manane, kama wakubwa hawajaongezeka tena.

Sasa kilichoniuma zaidi. Aliyenishauri alikuwa mtaalamu wa kukodi, mwenye slaidi za rangi na ngazi tano za kipaumbele, na ndiye aliyetuwekea grafu ya wastani wa muda wa kusubiri. Siku ya balaa grafu hiyo ilikuwa imetulia kama bahari ya asubuhi. Nilikuwa namwambia meneja "mbona mfumo uko vizuri?" huku simu za mawakala zikilia mezani kwake. Wastani ule ulihesabu maombi yaliyokwisha lipwa tu! Aliyekwama hayumo, kwa sababu hajamaliza kusubiri. Kadiri unavyowatelekeza watu, ndivyo grafu inavyokusifia. Jamaa alishalipwa chake (ankara yake, sina shaka, ilikuwa ngazi ya kwanza).

Na usidhani ngazi zitabaki kama ulivyozipanga. Watu wa mauzo wakigundua kuna kolamu ya kumpendelea mteja, kila mteja wao atakuwa mkubwa. Ndani ya muda mfupi "wa kawaida" ni yule asiye na mtu wa kumsemea.

Kanuni yangu ni moja, na ndiyo iliyonitoa pale: kipaumbele kiwe dakika, kisiwe ngazi. Mkubwa asipewe haki ya kupita kila mtu. Apewe mtaji wa muda, tuseme dakika 15, kana kwamba aliingia robo saa kabla ya muda wake halisi. Unauandika mara moja tu, ombi linapoingia:

```sql
-- wa kawaida: sort_at = created_at
-- mkubwa:     sort_at = created_at - interval '15 minutes'

CREATE INDEX ON payouts (sort_at, id)
WHERE status = 'pending';

SELECT id FROM payouts
WHERE status = 'pending' AND next_try_at <= now()
ORDER BY sort_at, id
LIMIT 1
FOR UPDATE SKIP LOCKED;
```

Angalia kinachotokea. Ombi la kawaida lililoingia saa 4:00 linaweza kupitwa na mkubwa aliyeingia saa 4:14. Wa saa 4:16 hawezi tena, hata awe mkubwa wa namna gani. Idadi ya watakaolipita ina kikomo: ni wakubwa wanaoingia ndani ya robo saa ile, basi. Huhitaji skripti ya usiku ya kuwapandisha ngazi waliochelewa, kwa sababu wote wanazeeka kwa kasi moja na mpangilio wao haubadiliki. Ndiyo maana indeksi moja inatosha.

Ukirudia hesabu ya mwisho wa mwezi kwa njia hii, wa kawaida aliyekaa muda mrefu kuliko wote anasubiri kama saa moja na dakika 22, badala ya saa tatu na dakika 45. Sitakuficha gharama yake: mkubwa aliyebanwa zaidi anasubiri kama saa moja na dakika saba, wakati kwa mstari wako angesubiri dakika 18 tu. Bosi atanuna. Mwonyeshe kwamba maombi 14 kwa dakika hayaingii kwenye uwezo wa 10 kwa mpangilio wowote ule. Unachochagua ni nani abebe maumivu. Akitaka wakubwa wasibebe chochote, akaombe huko upande wa pili waruhusu malipo mengi zaidi kwa dakika, asikuombe wewe kolamu.

Kuna mtego mmoja kwa wanaopanga kwa ukongwe. Ombi lenye namba mbovu ya simu likishindwa na kubaki `pending`, ndilo kongwe kuliko yote, kwa hiyo skripti italirudia hilo hilo milele na foleni nzima itasimama nyuma yake. Ndiyo kazi ya `next_try_at`. Mwanzoni weka muda wa kuingia. Likishindwa isogeze mbele dakika 10, na baada ya mara 5 libadilishe hali liende kwa mtu aliangalie kwa macho. Ila `sort_at` usiiguse. Ukiiandika upya kila linaposhindwa, unamrudisha mtu mkiani kwa kosa la mtandao, na umeanza kutelekeza watu upya kwa mlango wa nyuma.

Badala ya ile grafu ya wastani, weka hii, ambapo `lane` ni kolamu inayosema kama ombi ni la mkubwa au la kawaida, na kengele ilie kongwe wa kawaida akipita dakika 40:

```sql
SELECT lane, now() - min(created_at)
FROM payouts
WHERE status = 'pending'
GROUP BY lane;
```

Tumia `created_at` hapo, siyo `sort_at`, la sivyo kila mkubwa ataonekana amekaa robo saa zaidi na kengele yake itakuamsha bure.