Nurikabe: anza na visanduku visivyofikiwa na kisiwa chochote

*"Kanuni za fumbo la Nurikabe nazijua: visiwa visigusane, bahari iwe moja, pasiwe na dimbwi la 2×2. Ila namba zikiwa mbalimbali nakwama kabisa. Mnaanzia wapi?"*

Mimi huanzia mbali na namba. Namba ni idadi ya visanduku vya kisiwa chake, na 3 inajihesabu yenyewe, kwa hiyo imebakiwa na hatua 2 tu, na hatua ni za juu, chini au kando, si za mshazari. Kisanduku ambacho hakuna namba inayoweza kukifikia ni bahari, kipake rangi hapo hapo.

Tazama hili:

```
2 . . . .
. . . 3 .
. . . . .
. 2 . . .
. . . . .
```

Nenda kona ya chini kulia. Visanduku vyake vinne vikiwa bahari vyote, tayari ni dimbwi, kwa hiyo lazima kisiwa fulani kiingie pale. Zile 2 zina hatua moja moja, haziwezi. Iliyobaki ni 3, nayo kati ya vile vinne inakifikia kimoja tu: mstari wa 4, safu ya 4. Basi 3 inashuka moja kwa moja hadi hapo na kisiwa kimekamilika. Kizungushie bahari.

Sasa angalia mstari wa 2, safu ya 2. Kutoka 2 ya juu ni hatua mbili, kutoka 2 ya chini pia ni mbili. Hakifikiwi, ni bahari. Kulia kwake, safu ya 3, kuna bahari tuliyoipaka kando ya 3, na chini ya hiyo kuna nyingine. Dimbwi linakaribia kufungika, na cha kulizuia ni kisanduku cha mstari wa 3, safu ya 2 peke yake. Kwa hiyo 2 ya chini inapanda juu. Ya kona nayo inaamuliwa vivyo hivyo: mstari wa 1, safu ya 3 hakifikiwi, kwa hiyo 2 isipokwenda kulia, dimbwi linatokea pale juu. Matokeo ni haya, # ikiwa bahari na o ikiwa kisiwa:

```
2 o # # #
# # # 3 #
# o # o #
# 2 # o #
# # # # #
```

Pitisha kidole kwenye bahari yote, utaona imeungana. Hapa imejiunga yenyewe; kwenye jedwali kubwa, kipande cha bahari kilichobakiwa na njia moja ya kutokea kinakulazimisha upake hiyo njia.

Tahadhari moja tu: kuhesabu hatua hakutoshi. Kisanduku kilichonyooka hatua mbili kutoka 3 kina njia moja tu, na kama kile cha katikati kinagusa kisiwa kingine, njia imekufa na cha mwisho nacho ni bahari. Ndiyo maana kila nikimaliza kisiwa narudia kuhesabu wanavyofika majirani zake, kwa sababu bahari mpya huwa imewakatia njia.