Barua nliyomwandikia mpiga picha kabla sijapiga picha ya kuombea kazi

Picha yangu ya mwanzo ya kuombea kazi nliipiga studio moja hapa mjini, dakika tano nishatoka, na nliipenda wallahi. Nikaitwa intavyuu hoteli moja ya shamba huko Kaskazini, kaka wa resepsheni akaangalia karatasi, akaniangalia mie, akarudi kwenye karatasi, mwisho akauliza, "Hii picha yako au ya mdogo wako?" Nikacheka, ila nlikaa kwenye kiti kile nimeshavurugika. Na kazi sikupata, ingawa sisemi ni kwa sababu ya picha.

Baadae ndo nikaelewa ilivyokwenda. Nlivaa mtandio mweupe na nyuma ukuta mweupe. Kamera ikiwekwa otomatiki, ikikuta weupe mwingi inadhani mwanga umezidi inapunguza, na anaekula hasara ni uso, unatoka mweusi kuliko ulivyo. Yule bwana wa studio akapandisha mwanga wa picha nzima kwenye kompyuta, mtandio ukaungua ukawa kama karatasi, hata mikunjo yake haionekani, uso ukapauka, na ili usionekane umepauka akapitisha ile ya kulainisha ngozi. Kovu langu la kwenye nyusi likenda na maji.

Mara ya pili nikapata mpiga picha mwengine Mwanakwerekwe, na kabla ya kwenda nikamtumia ujumbe. Nnauweka hapa kama ulivyo, chukueni mbadilishe:

"Assalaam alaykum kaka. Nnataka picha moja ya kuombea kazi, kichwa na mabega tu. Naomba nyuma pawe kitambaa cha kijivu mwepesi, kisiwe na maua wala mapazia, na mie nisimame mbali nacho kama hatua mbili. Ntavaa mtandio wa buluu. Mwanga naomba upime usoni kwangu, usipime picha nzima. Kwenye kuediti, chunusi toa, uzi ulioganda begani toa, jasho linalong'ara punguza. Kovu la nyusi na doa la shavuni viache, na rangi ya ngozi usinipandishe. Kabla hujaanza nipige moja nimeweka mkono karibu na shavu. Picha ikishakamilika nitumie kwa watsapu kama dokumenti. Niambie bei ya hivyo, nijue mapema."

Hizo hatua mbili si pozi. Ukiegemea ukuta kivuli chako kinakaa nyuma ya sikio kama mtu wa pili, na kukifuta baadae kunaacha ukingo mchafu pembeni ya mtandio. Ukisogea mbele kivuli kinaanguka chini huko, hakiingii kwenye picha. Kijivu nlikitaka kwa sababu mtandio mweupe, mweusi, wa rangi, yote inaonekana juu yake, ila kama tangazo la kazi limesema nyuma pawe peupe basi fuata tangazo, na mtandio uwe wa rangi.

Kwenye kuediti watu ndo wanapogombana. Kipimo changu chepesi: kitu ambacho wiki mbili hakitakuwepo, kama chunusi, kitoke. Kitu ambacho nikija intavyuu ntakuja nacho, kibaki. Miduara ya chini ya macho ndo ngumu, maana nna siku nalala na siku silali, nikamwambia aipunguze nusu, asiifute, kwa sababu ikifutwa yote macho yanakuwa kama yamebandikwa.

Na ule mkono? Mpiga picha alicheka, akaniuliza, "Dada, umeumwa na jino?" Lakini uso tunaupaka poda, mkono hatuupaki, kwa hivyo mkono ndo unaoonesha rangi yangu ya kweli. Alipomaliza kuediti tukaweka picha mbili pamoja kwenye kioo cha kompyuta, uso wa picha mpya na mkono wa ile ya majaribio, na uso ulikuwa umepanda kidogo, si sana, yeye mwenyewe akaona akaurudisha. Bila ya mkono tungebishana mpaka magharibi, yeye anasema sawa mie nnasema sio. Akaniambia wateja wake wengi wanaomba weupe ndo maana mkono wake unakwenda wenyewe, simlaumu.

Kuhusu dokumenti: ukitumiwa kama picha ya kawaida watsapu inaibana. Yangu alisahau akaituma kawaida, nikaikuza kwenye simu, nyusi zikawa vibokisi vibokisi na lile kovu nlilolipigania halionekani tena. Nikamwambia kaka rudia, ikaja nzito zaidi ya mara kumi, na ukiikuza unaona mpaka nyuzi za mtandio. Hiyo ndo niliyoihifadhi, na tovuti ya maombi ikitaka ndogo napunguza kopi, ile kubwa siigusi.