Bei za Nyumba Chukua, Namba za Watu Acha

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, mteja anataka namba 2,000 za wenye nyumba za wageni huku pwani. Nimtoze ngapi?" Nimekaa na ujumbe ule siku mbili bila kujibu. Kazi kama hiyo niliifanya mimi mwenyewe hapa Malindi, na mpaka leo inaniuma.

Mteja wangu alinionyesha tovuti ndogo inayoorodhesha nyumba za kupangisha za Malindi na Watamu, nyumba 340. Alitaka jina la nyumba, mtaa, bei ya usiku mmoja, kisha jina na namba ya simu ya mwenye nyumba. Tulikubaliana shilingi 9,000. Skripti ya Python ya kuzikusanya niliimaliza jioni moja, maktaba ya `requests` ikileta kurasa na ya `BeautifulSoup` ikizichambua, na sikuweka pumziko lolote kati ya ukurasa na ukurasa. Nilituma maombi ishirini kwa mpigo. Dakika haijaisha, seva ikaanza kunirudishia `429`, maana yake umezidisha maombi. Nami, kwa kiburi cha kijana aliyejifunza jambo jipya, nikaongeza msimbo wa kujaribu tena papo hapo. Tovuti ikalala karibu nusu saa, Ijumaa ya Desemba, wageni wakitafuta pa kulala. Mwenye tovuti ile naye ni mtu wa pwani anayetafuta riziki kama mimi.

Siku hizi kabla ya kugusa ukurasa wowote naanza kwa kusoma `robots.txt`, faili ambamo mwenye tovuti anaziambia skripti kurasa zipi zichukue na zipi ziache:

```python
from urllib.robotparser import RobotFileParser

rp = RobotFileParser("https://example.com/robots.txt")
rp.read()
print(rp.can_fetch("SkriptiYangu", "https://example.com/nyumba/1"))
print(rp.crawl_delay("SkriptiYangu"))
```

Mstari wa kwanza ukichapisha `False`, ukurasa huo uache. Wa pili ukichapisha namba, hizo ndizo sekunde za kusubiri kabla ya ombi linalofuata. Ukichapisha `None`, mwenye tovuti hakutaja kitu, na mimi hujiwekea sekunde 2. Kurasa 340 kwa sekunde 2 ni dakika kumi na moja na ushei, muda wa kunywa chai. Na `429` ikija simama, tazama kama jibu limekuja na `Retry-After`, usubiri muda lililotaja.

Lakini hapo ndipo nilipojidanganya. Faili la `robots.txt` la tovuti ile lilikuwa limeruhusu kurasa zote, nikaona basi nina ruhusa ya kila kilichomo. Faili hilo ni ombi la mwenye tovuti kwa skripti zetu, desturi iliyoanza mwaka 1994. Halisemi chochote kuhusu haki ya mtu ambaye namba yake iko ndani ya ukurasa.

Wiki tatu baadaye nilimtembelea shangazi yangu, ambaye hukodisha vyumba viwili vya uani. Akanipa simu yake. "Mwanangu, nisomee hawa watu wanataka nini kwangu." Zilikuwa jumbe sita za siku moja, za mikopo na za sola. Ya kwanza ilianza: "Mpendwa mmiliki wa Nyumba ya Mwebeni." Nyumba yake inaitwa Mwembeni. Herufi *m* iliyopotea ilikuwa imepotea vilevile kwenye tovuti, na vilevile kwenye faili langu la CSV. Nililijua kosa lile kama ninavyoijua sahihi yangu. Niliuza namba ya shangazi yangu pamoja na za wenzake.

Ndugu zangu, namba kuonekana mtandaoni si idhini ya kuiuza. Shangazi aliiweka pale ili mgeni apige kuulizia chumba. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu jina na namba ya simu kuwa data binafsi, na kifungu cha 37 kinakataza kuzitumia kibiashara bila ridhaa ya wazi ya mwenyewe, isipokuwa pale sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu na mwenyewe amejulishwa. Usijifiche nyuma ya mteja ukisema wewe ni mwandishi wa msimbo tu. Mkono uliokusanya ni wako.

Kwa hiyo msomaji wangu nimemjibu hivi: mwambie mteja utampa jina la nyumba, mtaa, bei na tarehe uliyoichukua bei hiyo, kwa sababu bei ya Desemba si bei ya Mei. Safu ya namba usiiandike kabisa kwenye skripti. Usiichukue ukidhani utaifuta baadaye. Akikataa, muache aende.

Nakala yangu niliifuta usiku uleule. Mteja nilimpigia nikimwomba afute yake, akasema amekwisha kuwapa wengine. Shangazi amebadilisha laini, na wageni wake wa zamani bado wanapiga ile ya kwanza.